Uzi: Maneno ya kutangaza kamisheni chini ya video ya ovaloki, na namna ya kuyafanya maelezo yamfae mtazamaji

Fundi wa Sakina

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha na nina chaneli ya YouTube ninayofundishia ushonaji kwa Kiswahili. Mwezi uliopita nilipakia video ya dakika 14 kuhusu mashine ndogo ya ovaloki ya nyuzi 4, ambayo niliinunua kwa fedha yangu na ndugu yangu akaniletea kutoka Marekani. Nimejiunga na mpango wa kamisheni wa Amazon ya Marekani kwa sababu takwimu za chaneli zinaonyesha kuwa karibu theluthi moja ya watazamaji wangu wanaishi huko. Haya ndiyo maelezo niliyoyaweka chini ya video hiyo:

```
MASHINE BORA KABISA YA OVALOKI!!!
https://amzn.to/xxxxxxx
https://amzn.to/yyyyyyy
https://amzn.to/zzzzzzz
ovaloki, cherehani, fundi, ushonaji Tanzania
Baadhi ya viungo ni viungo vya ushirika.
```

Mtazamaji mmoja aliniuliza ushirika huo umesajiliwa wapi na kiingilio chake ni shilingi ngapi, kwa kuwa alidhani mafundi tumeanzisha chama cha ushirika. Mwingine aliandika kwamba nimelipwa niisifie mashine, jambo ambalo si kweli, ingawa ni kweli kwamba mtu akinunua kupitia linki zangu napata fedha kidogo. Maoni haya mawili yamenifanya nione kwamba sentensi yangu haisemi chochote kwa mtu ninayemwandikia. Naomba mnisaidie kuhusu maneno yenyewe, mahali pa kuyaweka, na namna ya kuandika maelezo ambayo hata mtu asiyenunua kitu atafaidika nayo.

Mzee wa Vifurushi

Dada, usijisumbue sana. Unapopakia video kuna kisanduku kinachouliza kama ndani yake kuna matangazo ya kulipiwa. Kiweke alama, na YouTube yenyewe itaonyesha maandishi mwanzoni mwa video. Hiyo inatosha. Zaidi ya hapo, sheria za Marekani zinawahusu Wamarekani, nawe uko Arusha.

Mpishi wa Mikindani

Naomba niseme jambo kuhusu neno «viungo», kwa sababu limenitesa. Chaneli yangu ni ya mapishi, na kwa miezi kadhaa niliandika «nunua kupitia viungo vilivyo hapa chini». Watu walishuka chini wakitafuta iliki na mdalasini. Wengine walinilaumu kwamba nimeahidi kutaja viungo vya pilau halafu nimeweka anwani za sufuria. Tangu nilipoanza kuandika «linki», hakuna aliyeuliza tena. Najua walimu wa Kiswahili watapendelea «kiungo», na katika kitabu nami ningeliandika hivyo, lakini chini ya video neno linapaswa kueleweka na mtu anayelisoma kwa sekunde mbili akiwa amesimama jikoni.

Msomaji wa Masharti

Fundi, kazi yangu ni kuwaandikia wenye chaneli maelezo ya video, na wengi wao wanatumia mpango huo huo wa Amazon. Nianze kwa kumjibu Mzee wa Vifurushi kwa heshima, kwa kuwa alilolisema lina ukweli nusu.

Kisanduku alichokitaja kipo na ni lazima kukitumia pale kampuni inapokulipa au kukupa kitu ili uiseme katika video yako. Kwako hakuna kampuni iliyokuagiza, kwa hiyo maandishi yale ya jumla yatamfanya mtazamaji aamini hasa lile ulilosingiziwa, kwamba umelipwa usifie, na bado hayatamwambia kwamba unapata fedha pale anaponunua. Kuhusu sheria, tume ya biashara ya Marekani, ambayo kifupi chake ni FTC, imeandika wazi kwamba hata aliye nje ya nchi hiyo anahusika iwapo inatazamiwa kwamba anachokichapisha kitawagusa walaji wa Marekani. Wewe una theluthi ya watazamaji huko na linki zako zinaelekea kwenye duka la huko. Siwezi kukuambia kwamba hutarajii kuwagusa.

Sasa nije kwenye shina la swali lako. Unahitaji sentensi mbili tofauti, kwa sababu zinafanya kazi mbili tofauti, na watu wengi huziunganisha kuwa moja kisha zote mbili zikaharibika.

Sentensi ya kwanza ni ya mkataba. Masharti ya mpango wa Amazon yanakutaka uitamke hadharani kauli hii, au inayofanana nayo sana, na mimi huiacha kwa Kiingereza kama ilivyo:

```
As an Amazon Associate I earn from qualifying purchases.
```

Sentensi ya pili ni ya mtazamaji. Mwongozo wa FTC kwa wanaotangaza bidhaa mitandaoni unasema tangazo la uhusiano wako na muuzaji liwe katika lugha ile ile uliyotumia kuisifia bidhaa. Video yako ni ya Kiswahili, hivyo kauli ya Kiingereza ya Amazon haimtoshelezi shangazi yake mtu aliyeko Minnesota ambaye amekufuata kwa sababu unasema Kiswahili. Tume hiyo hiyo imesema pia kwamba maneno «affiliate link» peke yake huenda yasieleweke hata kwa walaji wa Marekani wenyewe. Kama wao hawaelewi, «viungo vya ushirika» ni tafsiri ya kitu kisichoeleweka, na ndiyo maana mtu wako akafikiria chama chenye kiingilio na mwenyekiti.

Badala ya kutafsiri jina la mpango, eleza kinachotokea kwa fedha. Kwetu kila mtu amewahi kutoa fedha kwa wakala wa simu na anajua kwamba wakala anapata kamisheni, kwa hiyo neno hilo halina haja ya maelezo. Mimi ningeandika hivi: «Ukinunua kwa linki za Amazon zilizo hapa chini, Amazon inanilipa kamisheni.» Ina mtendaji, ina tendo, na haimwachi msomaji akijiuliza nani anamlipa nani.

Kijana wa Likoni

Shukrani kwa uzi huu, nami nina tatizo hilo hilo. Niliweka linki za mpango mmoja, sitautaja, na akaunti yangu ikafungwa kabla sijalipwa. Nilikuwa nimewaomba binamu zangu wanunue kupitia linki zangu ili nifikishe mauzo matatu ya mwanzo. Je, nikibadilisha maneno ya maelezo nitarudishiwa akaunti?

Msomaji wa Masharti

Ndugu yangu wa Likoni, hilo ni jambo jingine, ila nitakujibu kwa ufupi. Katika mpango wa Amazon, kwa mfano, mtu mpya anatakiwa apate angalau mauzo matatu yanayokubalika ndani ya siku 180, na manunuzi yako mwenyewe au yale unayoyafanya kwa niaba ya jamaa zako hayakubaliki. Mipango mingine nayo hukataza mambo ya namna hiyo. Maneno ya maelezo hayawezi kulitibu hilo. Soma barua ya kufungiwa uone kifungu walichokitaja, kisha fungua uzi wako tujadili.

Fundi wa Sakina

Nashukuru sana, hasa kwa hilo la wakala. Nina maswali mawili. La kwanza, je, niongeze kwamba «bei yako haiongezeki»? Nimeona wengi wanaandika hivyo. La pili, sentensi hiyo ikae wapi? Yangu ilikuwa mwishoni kabisa, baada ya yale maneno ya kutafutia.

Msomaji wa Masharti

Kuhusu bei, ni kweli kwamba kwa Amazon bei ya bidhaa haibadiliki kwa kuwa mtu amepita kwenye linki yako. Hata hivyo, kuna watu wanaoandika «bila gharama yoyote ya ziada kwako» na kuitanguliza mbele ya neno kamisheni, hadi msomaji anatoka na hisia kwamba amesomewa punguzo. Ukitaka kuisema, iseme baada ya kukiri kamisheni, na useme «bei ya bidhaa» tu. Mtazamaji wako wa Moshi atalipa usafiri na ushuru, na akikumbuka kwamba ulimwambia hakuna gharama ya ziada atakuona mwongo.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu mpango huo. Mtu akibonyeza linki yako, unaweza kulipwa kwa vitu vingine atakavyovinunua katika duka hilo ndani ya saa 24, hata kama hakuigusa ile ovaloki. Ndiyo maana sikuandika «nalipwa mkinunua mashine hii». Sentensi hiyo ingekuwa finyu kuliko ukweli.

Kuhusu mahali, fungua video yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine, yenye kioo kidogo, wala usibonyeze chochote. Utaona mistari michache tu ya mwanzo kabla ya maelezo kukatwa na neno `...more`. Kilicho chini ya hapo, wengi hawatakiona. Nafasi yote ya maelezo ni herufi 5,000, lakini kwa tangazo la kamisheni nafasi yenye maana ni ile mistari inayoonekana bila kubonyeza. Kwako mistari hiyo ilikaliwa na «MASHINE BORA KABISA» na linki, yaani mtu angeweza kununua pasipo kukutana na ile sentensi hata kidogo.

Na hata ukiipandisha juu, haitoshi kwa macho ya FTC, kwa sababu wapo wanaotazama video bila kuyaangalia maelezo kabisa. Tume hiyo inataka iwe ndani ya video yenyewe. Iseme kwa mdomo kabla ya kuanza kuisifia mashine, na iandikwe kwenye kioo wakati unaisema, kwa muda wa kutosha kusomeka.

Mpishi wa Mikindani

Mimi niliwahi kupewa seti ya sufuria na duka moja, sikuzinunua wala sikulipwa fedha. Niliandika «asante kwa duka hili kwa ushirikiano». Je, hiyo ni sawa?

Msomaji wa Masharti

Dada, «asante» na «ushirikiano» hazimwambii mtu kwamba sufuria ulipewa bure. Andika «sufuria hizi nilipewa bure na duka hili», basi. Kitu cha bure kinahesabiwa kuwa uhusiano unaopaswa kutajwa sawa na fedha. Na kwako unafaa pia kuweka alama kwenye kile kisanduku cha Mzee wa Vifurushi.

Shangazi wa Columbus

Nimesita kuandika, lakini kwa kuwa mwenye video yuko hapa naona nimweleze. Mimi ni mmoja wa watazamaji wake wa Ohio. Nilinunua ovaloki ile kupitia linki yake, nikamtumia binti wa kaka yangu aliye Kahama, ambaye ndiyo kwanza amemaliza mafunzo ya ushonaji. Binti alinunua kigeuzi cha plagi sokoni, kile kinachobadilisha miguu bapa ya Marekani kuwa ya shimo la Tanzania, akaichomeka. Mota ililia kwa kasi ya ajabu, ukatoka moshi, na mashine ikafa kabla hajashona hata upindo mmoja.

Nimeirudia video mara tatu nikitafuta onyo. Halipo kwenye video wala kwenye maelezo. Mimi sina ugomvi na kamisheni. Fundi alinifundisha kupitisha nyuzi bure, na akipata kitu kwa ununuzi wangu nafurahi. Ila ningependa zaidi kama pale juu pangekuwa na neno moja kuhusu umeme.

Fundi wa Sakina

Shangazi, naomba radhi kwa moyo wangu wote. Mashine ile ni ya volti 120, na hapa kwetu umeme ni volti 230. Mimi naitumia kwa transfoma ya kushusha umeme, ya wati 500, ambayo iko sakafuni chini ya meza yangu na haimo kwenye picha hata mara moja. Nimeizoea kiasi kwamba sikuiona kuwa sehemu ya somo. Kigeuzi cha plagi kinabadilisha umbo la miguu tu na hakigusi volti, na ningepaswa kulisema hilo kabla ya kitu kingine chochote. Nitakutafuta faraghani tuone kama mota inaweza kupatikana, na kazi ya kuibadilisha nitaifanya mwenyewe bila malipo.

Msomaji wa Masharti

Aliyoyasema Shangazi yanajibu lile swali lako la tatu kuliko ambavyo mimi ningeweza. Maelezo yanamfaa mtazamaji pale yanapobeba kile ambacho ukurasa wa duka haumwambii mtu wa mahali pake. Duka la Marekani halina sababu ya kumwonya mtu wa Kahama. Wewe unayo.

Kwa hiyo kila linki iwe na mstari wake wa maneno kabla yake: ni kitu gani, ni duka gani la nchi gani, na jambo moja ambalo mtu angejuta kutolijua. Linki tatu za `amzn.to` zilizopangwa bila jina hazimwambii mtu kama anafungulia mashine au mkasi. Usiandike bei, kwanza kwa sababu itabadilika kesho, na pili kwa sababu masharti ya mpango hayakuruhusu kunakili bei kwa mkono. Na ile orodha ya maneno ya kutafutia iliyo mwishoni iondoe, maana haimsaidii msomaji, na YouTube inahesabu mrundikano wa maneno hayo ndani ya maelezo kuwa kinyume na kanuni zake.

Mzee wa Vifurushi

Nakubali kuhusu kisanduku, nilichanganya mambo mawili. Lakini hapa nina hoja. Tuseme Fundi anataja pia maduka ya Arusha ambayo hayamlipi chochote. Akiandika juu kwamba analipwa kamisheni, maduka hayo nayo yataonekana kuwa yamemnunua. Je, aweke alama kwenye kila linki?

Msomaji wa Masharti

Hapo mimi huzigawa mafungu mawili yenye vichwa, moja la zinazonilipa na jingine la zisizonilipa. Wenzangu wanaoandikia chaneli za Uingereza huweka alama ya tangazo kando ya kila linki inayolipa, kwa kuwa wasimamizi wa matangazo wa huko wanataka hivyo pale ambapo ni sehemu tu ya maudhui inayohusika. Sijaona ubaya wa njia hiyo, ila kwenye simu alama zikiwa kumi na tano macho huacha kuzisoma. Kwa linki nne au tano, vichwa viwili vinatosha kwa maoni yangu.

Mpishi wa Mikindani

Mimi sikubaliani kabisa. Watazamaji wangu hawasomi vichwa, wanakimbilia jina la kitu wanachokitaka. Alama iliyo kando ya linki hawawezi kuikwepa.

Fundi wa Sakina

Nimeamua kurekodi upya, kwa kuwa YouTube haikubali kubadilisha faili la video iliyokwisha kupakiwa, na onyo la umeme halifai kubaki kwenye maandishi peke yake. Sehemu ya transfoma sasa inaanza dakika ya kwanza na sekunde 50, na sentensi ya kamisheni naitamka kabla yake. Kuhusu alama nimechukua njia zote mbili, kichwa na neno kwenye mstari, kwa sababu linki zangu ni chache. Video ya zamani nimeifunga. Haya ndiyo maelezo mapya:

```
Ukinunua kwa linki za Amazon zilizo hapa chini, Amazon
inanilipa kamisheni. Mashine niliinunua mwenyewe.
ONYO: ni ya volti 120. Usiichomeke moja kwa moja
kwenye umeme wa Tanzania au Kenya.

0:00 Kwa nini niliinunua
1:50 Umeme na transfoma
3:20 Kupitisha nyuzi 4
9:05 Kushona tisheti
12:30 Kasoro zake

ZINAZONILIPA (Amazon ya Marekani)
Ovaloki, nyuzi 3 au 4, volti 120 (kamisheni): https://amzn.to/xxxxxxx
Sindano 130/705H namba 90 (kamisheni): https://amzn.to/yyyyyyy

ZISIZONILIPA
Sindano hizo hizo hupatikana madukani kwetu.
Nenda na ya zamani mkononi ulinganishe.
Transfoma: chukua ya kushusha 230 kwenda 120.
Yangu ni ya wati 500.

As an Amazon Associate I earn from qualifying purchases.
```

Mkasi nimeuondoa. Niliuweka kwa sababu ulikuwa na linki, na sijawahi kuushika.

Msomaji wa Masharti

Yamekaa vizuri. Badiliko moja dogo: kwenye kioo chembamba onyo lako linaweza kuangukia chini ya `...more`. Lijaribu kwa kufupisha sentensi ya pili, au uihamishe habari ya kununua mwenyewe ndani ya video. Kamisheni na volti ndizo zisikose kuonekana.

Shangazi wa Columbus

Nimeisoma kwa kompyuta yangu ndogo. Naona kamisheni, naona neno ONYO, na volti 120 imekatwa katikati. Fundi, kwa binti wa Kahama, hiyo transfoma ya wati 500 ina tundu la miguu bapa, au atahitaji tena kile kigeuzi?

Fundi wa Sakina

Yangu ina tundu la miguu bapa upande wa kutolea, kwa hiyo kigeuzi hakihitajiki. Ziko ambazo hazina, na ndiyo maana nitaongeza mstari huo kabla sijalala leo. Sentensi ya pili naifupisha sasa hivi, naomba uifungue tena baada ya dakika kumi uniambie unachokiona.